Gitaa la umeme kwenye picha: Jinsi ya kulitambua kabla hujatuma pesa

Siku hizi gitaa la kwaya au la bendi mara nyingi hununuliwa kwa picha. Muuzaji yuko Dar es Salaam au Arusha, mnunuzi yuko Rau, Moshi. Picha mbili tatu zinatumwa kwa WhatsApp, pesa zinakwenda kwa simu, na gitaa linapanda basi kama kifurushi. Mnunuzi hulishika kwa mara ya kwanza stendi, wakati pesa imeshakwenda.

Jina lililoandikwa kwenye gitaa halitoshi kukulinda, kwa sababu jina ni stika tu, na stika inachapishwa popote. Hata hivyo picha ina mambo matatu ambayo ni magumu zaidi kughushi: umbo la kichwa, umbo la bodi, na mpangilio wa pikapu. Pikapu tunayoizungumzia hapa si gari. Ni kile kifaa chenye sumaku kilichokaa chini ya nyuzi, kinachonasa mtetemo wa waya na kuupeleka kwenye spika kama umeme.

Makala hii inaeleza namna ya kuyasoma mambo hayo matatu, moja baada ya jingine, na mahali ambapo picha inafikia mwisho wa uwezo wake.

Kila sehemu ina kazi yake

Watu wengi hutazama bodi kwanza, kisha wanatoa hukumu. Hapo ndipo wanapopotea. Bodi hukuambia gitaa ni la ukoo gani, lakini haikuambii nani amelitengeneza. Kichwa ndicho kinachokaribia kukuambia mtengenezaji. Pikapu, pamoja na vitufe na swichi zake, hukuambia ni toleo gani ndani ya ukoo huo.

Sababu yake ni ya kisheria. Kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuuza gitaa lake maarufu zaidi, Stratocaster, mwaka 1954. Umbo la bodi yake liliigwa na viwanda vingi duniani kwa miaka mingi bila kuzuiwa. Fender ilipotaka kusajili maumbo ya bodi zake kuwa alama yake ya biashara, bodi ya rufaa ya alama za biashara ya Marekani ilikataa mwaka 2009. Ilisema maumbo hayo yamekwishakuwa ya kawaida mno kiasi kwamba hayamtambulishi tena mtengenezaji mmoja. Umbo la kichwa ni jambo jingine, kwani hilo limesajiliwa na Fender inalilinda.

Kwa hiyo kiwanda kinachoheshimu sheria ya alama za biashara ya Marekani kinaweza kutengeneza bodi inayofanana kabisa na Stratocaster, lakini lazima kikate kichwa kwa namna yake. Ukikumbuka hilo, picha nyingi zitakufunguka zenyewe.

Anza na bodi: ni ukoo gani?

Likitazama gitaa likiwa limesimama wima, kichwa juu, uso wake ukikuelekea. Angalia pale shingo inapoingia kwenye bodi. Je, mbao imekatwa upande mmoja tu wa shingo, au pande zote mbili? Mkato huo upo ili mkono wa mpigaji ufike kwenye noti za juu. Mbao inayobaki ikichomoza kando ya mkato huitwa pembe.

Zipo koo nne utakazokutana nazo mara nyingi.

Wa kwanza ni Stratocaster. Una pembe mbili zisizolingana: ya kushoto kwako ni ndefu, ya kulia ni fupi. Kingo zake zimelainishwa, hazina ncha kali. Usoni kuna plastiki kubwa, mara nyingi nyeupe, na pikapu zote zimefungwa juu ya plastiki hiyo. Tundu la kuchomeka waya liko usoni, chini kulia, ndani ya kibati kilichobonyea kama mtumbwi mdogo.

Wa pili ni Telecaster, ambalo pia ni la Fender na lilipata jina hilo mwaka 1951. Lina mkato mmoja tu, upande wa kulia, na bodi yake ni bapa kama ubao wa kukatia mboga. Upande wa kulia chini kuna bati jembamba la chuma lenye swichi moja na vitufe viwili vya kuzungusha, vyote kwenye mstari mmoja. Tundu la waya liko ubavuni.

Wa tatu ni Les Paul la kampuni ya Gibson, lililoanza kuuzwa mwaka 1952. Nalo lina mkato mmoja, lakini usilichanganye na Telecaster. Bodi ya Les Paul ni nene, kiuno chake kimebinywa, uso wake kwa kawaida umevimba kidogo katikati, na pembe yake imechongoka zaidi. Lina vitufe vinne chini, viwili viwili, na swichi yake iko peke yake juu kushoto, karibu na bega la gitaa.

Wa nne ni SG, pia la Gibson, lililotoka mwaka 1961. Bodi yake ni nyembamba na ina pembe mbili kali zinazokaribia kulingana, kama pembe za mbuzi. Ukiziona, si rahisi kukosea.

Mengine mengi ni watoto wa koo hizi. Yamaha Pacifica, lililoanza mwaka 1990, ni la ukoo wa Stratocaster. Ibanez RG, la mwaka 1987, nalo limetoka huko huko, ila pembe zake zimechongwa zikawa nyembamba na kali. Yote mawili ni magitaa halali ya kampuni zinazojulikana. Kufanana na Stratocaster si wizi, na wala si dalili ya ubovu.

Kisha kichwa: nani amelitengeneza?

Swali la kwanza kuhusu kichwa ni hili: vifunguo vya kukazia nyuzi viko upande mmoja vyote sita, au viko vitatu kila upande? Fender huweka sita upande mmoja. Gibson huweka vitatu na vitatu kwenye Les Paul na SG. Ukiona bodi ya Les Paul yenye vifunguo sita upande mmoja, jua mara moja kwamba hilo si Les Paul la kawaida la Gibson, hata kama jina limeandikwa kwa dhahabu.

Swali la pili ni ukingo wa mbao. Kwenye Stratocaster, fuata kwa kidole ule upande usio na vifunguo, ukianzia shingoni. Mbao inatoka nje kwa mkunjo, inapanda, ikikaribia mwisho inachimbika kuingia ndani, halafu inamalizia kwa duara lililojaa kama kichwa cha rungu. Kichwa cha Telecaster ni cha ndugu yake mwembamba: hakina tumbo hilo pana, na duara la mwishoni ni dogo.

Magitaa ya kuiga mara nyingi hushindwa kwenye duara hilo. Utaona limekatwa bapa, limechongoka, au limewekewa kijino ambacho Fender hawana. Usijaribu kukariri. Fungua picha ya gitaa lililoko kwenye tovuti ya Fender yenyewe, iweke kando ya picha uliyotumiwa, na ulinganishe mkunjo kwa mkunjo.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Squier ni jina la magitaa ya bei nafuu ya Fender yenyewe tangu mwaka 1982. Kwa kuwa ni la nyumba moja, Squier ana ruhusa ya kutumia kichwa chenye umbo la Fender. Kwa hiyo kichwa sahihi chenye jina Squier ni kitu halali. Kichwa sahihi chenye jina Fender kinaweza kuwa Fender kweli, lakini pia kinaweza kuwa cha Squier ambacho jina lake limefutwa na kubandikwa jingine. Ndiyo maana utahitaji picha ya nyuma ya kichwa, kama tutakavyoona.

Kwa upande wa Gibson, tazama ukingo wa juu kabisa wa kichwa. Una vilima viwili vya mviringo vinavyokutana katikati kwenye bonde dogo, kama kitabu kilichofunguliwa ukikitazama kwa juu. Kisha tazama kile kifuniko kidogo chenye umbo la kengele kilicho chini ya kichwa, juu tu ya mahali nyuzi zinapoingia shingoni. Gibson hukifunga kwa skrubu mbili, moja juu na moja chini. Magitaa mengi ya kughushi yana skrubu tatu. Hiyo ni dalili ndogo, lakini huonekana vizuri hata kwenye picha isiyo kali sana.

Epiphone kwa Gibson ni kama Squier kwa Fender. Gibson waliinunua kampuni ya Epiphone mwaka 1957, na leo Les Paul la bei nafuu na halali huandikwa Epiphone. Kwa miaka mingi kichwa chake kilikuwa na umbo lake tofauti, na tangu mwaka 2020 mengi yake yamepewa kichwa kinachokaribia cha Gibson. Jina lakini linabaki Epiphone.

Halafu pikapu: ni toleo gani?

Pikapu zipo za aina mbili kuu. Ya kwanza ni nyembamba, imezungushiwa koili moja ya waya, na usoni ina vidoti sita kwenye mstari mmoja. Ya pili ni pana, karibu mara mbili ya ile nyembamba, kwa sababu ina koili mbili zilizolala sambamba. Utaiona na mistari miwili, au imefunikwa kwa kibati cha chuma kinachong'aa.

Kwenye matangazo utakuta zimeandikwa kwa herufi. `S` ni nyembamba na `H` ni pana. Herufi husomwa kuanzia upande wa daraja, yaani pale chini nyuzi zinapofungiwa, kupanda hadi shingoni, ingawa wapo wanaoanzia shingoni. Kwa hiyo:

`SSS` ni nyembamba tatu. Huo ndio mpangilio wa asili wa Stratocaster, na ile ya daraja hulazwa mshazari.

`HSS` ni pana moja kwenye daraja na nyembamba mbili. Yamaha Pacifica nyingi ziko hivi, na baadhi ya Stratocaster pia.

`HH` ni pana mbili. Huo ndio mpangilio wa kawaida wa Les Paul na SG.

Telecaster lina nyembamba mbili, lakini haziko sawa: ile ya daraja imelazwa mshazari ndani ya bati kubwa la chuma, na ile ya shingoni ni ndogo na imefunikwa kwa kibati.

Mpangilio huu si wa kutambua jina tu. Ndio unaoamua gitaa litasikikaje siku ya ibada au siku ya harusi. Koili moja hutoa sauti kali na safi, inayopenya juu ya ngoma na kinanda, na wapiga solo wengi wa muziki wa dansi huipenda kwa hilo. Lakini koili moja hunasa pia mvumo wa umeme, hasa karibu na taa za tyubu au kwenye jengo ambalo nyaya zake hazikufungwa ethi vizuri. Pikapu ya koili mbili ilibuniwa ili koili moja iufute mvumo wa nyingine. Sauti yake ni nzito na tulivu zaidi. Kwa hiyo anayekuuzia `HH` akisema ni `SSS` hajakosea herufi tu. Anakuuzia sauti nyingine.

Baada ya pikapu, hesabu vitufe. Stratocaster la kawaida lina vitatu: kimoja cha sauti na viwili vya kulainisha ukali. Telecaster lina viwili. Les Paul na SG yana vinne. Pacifica ya kawaida ya `HSS` ina viwili. Hesabu hii ni rahisi, na mara nyingi ndiyo inayofichua kwamba bodi na jina havikuzaliwa pamoja.

Mfano: tangazo moja, picha tatu

Tuchukue mfano wa kwaya ya watu 34 pale Rau. Kila mmoja amechanga shilingi 25,000, zimefika 850,000. Mwalimu wa kwaya anaona tangazo la gitaa lililoandikwa `Fender Stratocaster original USA`, bei 850,000 hizo hizo. Anatumiwa picha tatu: uso wote wa gitaa, bodi kwa karibu, na kichwa kwa mbele.

Anaanza na bodi. Pembe mbili zisizolingana, kingo laini, plastiki nyeupe usoni. Ukoo ni wa Stratocaster. Mpaka hapa tangazo halijapingwa, lakini halijathibitishwa pia, kwa kuwa bodi hiyo inatengenezwa na kila mtu.

Anakwenda kwenye kichwa. Vifunguo sita viko upande mmoja, na jina Fender linasomeka. Anafuata ukingo wa upande wa pili: mbao inapanda, lakini mwishoni hakuna duara kama rungu. Kuna ncha iliyokatwa mshazari. Analinganisha na picha ya kwenye tovuti ya Fender, na tofauti haihitaji miwani. Hapa pana tatizo kubwa. Fender wenyewe wana haki ya umbo lao. Hawana sababu ya kulikata kama mwigaji anayekwepa kesi.

Anatazama pikapu. Pana moja kwenye daraja, nyembamba mbili. Ni `HSS`. Hilo peke yake halimhukumu muuzaji, kwa sababu Stratocaster za namna hiyo zipo. Lakini vitufe ni viwili, si vitatu, na kibati cha mtumbwi hakipo. Tundu la waya linaonekana ubavuni. Karibu kila Stratocaster hubeba tundu hilo usoni.

Sasa ana dalili tatu zinazoelekea upande mmoja: kichwa, vitufe na tundu la waya. Dalili moja ingeweza kuwa ukarabati. Tatu kwa pamoja zinasema kwamba hili ni gitaa la kampuni nyingine, na jina Fender limebandikwa baadaye.

Anamwandikia muuzaji kwa upole: "Kaka, naomba picha ya nyuma ya kichwa na ya nyuma pale shingo inapoungana na bodi." Jibu linakuja: "Mwalimu, hiyo ni orijino kabisa, nina wateja wengine wanasubiri." Picha ya nyuma ikija hatimaye, nyuma ya kichwa hakuna namba wala jina la nchi.

Je, aliache? Si lazima. Linaweza kuwa gitaa zuri la kujifunzia na la kupigia kwaya. Lakini bei ya gitaa lisilo na jina si bei ya Fender ya Marekani. Mwalimu sasa ana mambo mawili ya kuchagua: kujadili bei kwa kile kinachoonekana, au kutafuta lenye jina halali la bei nafuu, kama Squier au Yamaha, ambalo vipuri vyake na thamani yake vinajulikana.

Picha ya nyuma ya kichwa

Magitaa mengi ya kampuni kubwa yana namba nyuma ya kichwa. Kwa Fender za miaka ya karibuni, namba inayoanza na `US` ni ya Marekani, na inayoanza na `MX` ni ya Mexico. Herufi hizo hufuatwa na tarakimu mbili za mwaka: `MX15` ni Mexico, 2015. Fender za Mexico za miaka ya 2000 hadi 2009 huanza na `MZ`. Squier nyingi zilizotengenezwa Indonesia huanza na `ICS`, na tarakimu mbili zinazofuata nazo ni mwaka. Ukiona `ICS` nyuma ya kichwa kilichoandikwa Fender kwa mbele, umekutana na Squier aliyebadilishiwa jina.

Gibson za Marekani kwa kawaida zina namba na maneno `MADE IN USA` yaliyogandamizwa ndani ya mbao, si ya kuchapwa juu tu. Mwanga ukipita kwa ubavu, utaona vishimo vya herufi.

Namba nayo inaweza kughushiwa. Ichukue kama shahidi wa nne, anayepaswa kukubaliana na wale watatu wa kwanza.

Picha inavyoweza kukudanganya

Kamera ya mbele ya simu inaweza kugeuza picha kama kioo. Gitaa la mkono wa kulia litaonekana la mkono wa kushoto, na kichwa kitaonekana kimegeuzwa. Kabla ya kushangaa, soma jina: kama herufi zimepinduka, ni picha iliyogeuka, si gitaa.

Simu ikisogezwa karibu sana, kilicho karibu na lenzi huvimba na kilicho mbali husinyaa. Kichwa kinaweza kuonekana kikubwa mno na bodi ndogo. Omba picha iliyopigwa kutoka hatua mbili, simu ikiwa sambamba na uso wa gitaa, mchana, karibu na dirisha, bila kuwasha flashi. Flashi hung'aa juu ya rangi na kuficha ukingo wa mbao. WhatsApp nayo hupunguza ubora wa picha, kwa hiyo mwambie muuzaji aitume kupitia `Document`, ili uweze kuikuza na kusoma namba.

Wapo pia wanaotuma picha waliyoichukua mahali pengine, gitaa wenyewe hawana. Dawa yake ni ndogo: omba picha ya kichwa kikiwa kando ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono tarehe ya leo.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Shingo ya Fender na ya Squier haikugundishwa. Imefungwa kwenye bodi kwa skrubu, kwa kawaida nne, zinazoonekana nyuma kwenye bati. Mtu mwenye bisibisi anaweza kuibadilisha kwa dakika chache. Kwa hiyo kichwa halisi cha Fender kinathibitisha shingo tu, hakithibitishi bodi wala pikapu zake. Kichwa kikiwa sahihi, lakini vitufe na tundu la waya havikubaliani nacho, huenda unatazama magitaa mawili yaliyooana. Pikapu nazo hubadilishwa, na zipo za koili mbili zilizobanwa ndani ya umbo jembamba, ambazo kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Tena kuna vitu ambavyo picha haioneshi hata iwe nzuri namna gani: kama shingo imepinda, kama swichi inakwaruza, kama tundu la waya limelegea, kama pikapu moja imekufa. Kwa hayo omba video fupi, gitaa likiwa kwenye spika, muuzaji akipiga uzi mmoja mmoja huku akihamisha swichi kila sehemu. Sauti ikikatika kwenye sehemu moja, umeshajua pikapu ipi ina shida.

Ujumbe wa kunakili

Ukiona tangazo linalokuvutia, unaweza kumtumia muuzaji maneno haya kama yalivyo:

"Habari. Nimelipenda gitaa. Naomba picha tano za mchana, zitumwe kwa Document: uso wote wa gitaa likiwa wima, kichwa kwa mbele, kichwa kwa nyuma, nyuma pale shingo inapoungana na bodi, na bodi kwa karibu ili nione pikapu, vitufe na tundu la waya. Kwenye picha ya kichwa weka karatasi yenye tarehe ya leo. Pia naomba video fupi likipigwa kwenye spika, ukihamisha swichi zote. Nikishaziona tutazungumza bei."

Muuzaji mwenye gitaa mkononi anaweza kukamilisha hayo kwa robo saa. Picha zikifika, zisome kwa mpangilio ule ule: bodi kwa ajili ya ukoo, kichwa kwa ajili ya mtengenezaji, pikapu na vitufe kwa ajili ya toleo, na namba mwishoni kuona kama inakubaliana na vyote. Vikikubaliana, jadili bei ya jina lililoandikwa. Vikipingana, jadili bei ya gitaa lisilo na jina, au tafuta jingine.